Kifaransa cha Kompyuta, Mtandao na Simu: Kusoma Skrini, Kujaza Fomu na Kusema na Fundi

Mtu aliyejifunza Kifaransa darasani huweza kusalimia, kuuliza njia na kueleza habari za nyumbani kwao, lakini akikabidhiwa kompyuta ya ofisi mjini Bujumbura au Lubumbashi, au akifungua ukurasa wa maombi ya chuo cha Ufaransa, hukwama mbele ya vitufe ambavyo kitabu chake hakikuvitaja. Mwongozo huu unafuata njia ambayo mtu huyo hupita kweli: anaanza na kifaa alicho nacho mkononi, anasoma vitufe, anajaza fomu, kisha anazungumza na watu wanaochanganya Kifaransa chao na maneno ya Kiingereza. Maneno ya Kifaransa yameandikwa jinsi yanavyosomeka kwenye skrini.

Hatua ya kwanza: geuza lugha ya simu, ukijua njia ya kurudi

Mwalimu wa bei nafuu kuliko wote ni simu yako mwenyewe, kwa sababu vitufe vyake unavijua kwa mahali na kwa alama hata kabla ya kuvisoma. Katika simu nyingi za Android nenda kwenye mipangilio, kisha mfumo, kisha lugha, na uchague *Français*. Katika iPhone pita mipangilio, kisha sehemu ya jumla, kisha lugha na eneo. Kabla ya kuthibitisha, andika kwenye karatasi jinsi njia hiyo itakavyosomeka baada ya mabadiliko. Kwenye Android itakuwa *Paramètres*, *Système*, *Langues*, ingawa watengenezaji wengine hupanga menyu zao kwa namna tofauti kidogo. Kwenye iPhone itakuwa *Réglages*, *Général*, *Langue et région*. Unaona tayari kwamba mipangilio ina majina mawili, *paramètres* na *réglages*, na yote ni Kifaransa sahihi. Ni kampuni tu zilizochagua tofauti.

Iache simu hivyo hadi utakapoacha kutafsiri kichwani kila unapogusa *Appareil photo* ili upige picha, *Messages non lus* ili usome ujumbe mpya, au *Mode avion* ukiwa safarini.

Hatua ya pili: jifunze jina pamoja na *un* au *une*

Majina ya vifaa si mengi. Kompyuta ni *un ordinateur*, ambayo watu huifupisha *un ordi*. Skrini ni *un écran*, kibodi ni *un clavier*, kipanya ni *une souris*, printa ni *une imprimante*, diski ngumu ni *un disque dur*, na kile kidude cha kuhifadhia mafaili tunachokiita flashi ni *une clé USB*, yaani ufunguo. Programu ya kompyuta ni *un logiciel*, ile ya simu ni *une application* au kwa kifupi *une appli*, faili ni *un fichier* na folda ni *un dossier*. Chaja ni *un chargeur*, betri ni *une batterie*, neno la siri ni *un mot de passe*.

Sababu ya kusisitiza *un* na *une* ni kwamba kiambishi cha *le* na *la* humezwa mbele ya irabu. Ukijifunza *l'ordinateur*, *l'écran* na *l'imprimante*, masikio hayakuambii lipi ni la kiume na lipi ni la kike, na siku utakapotaka kusema kwamba printa ni mpya utabahatisha kati ya *nouveau* na *nouvelle*. Mwisho wa neno husaidia kidogo: majina ya mashine na programu yanayoishia na *-eur*, kama *serveur*, *routeur* na *navigateur* (programu ya kuperuzi), ni ya kiume, na yanayoishia na *-tion* ni ya kike. *Une connexion* nalo ni la kike, na huandikwa kwa *x*, jambo linalowaponyoka wengi waliotangulia kujua Kiingereza.

Neno moja linahitaji tahadhari: *un portable*. Maana yake ni kitu cha kubebeka, na hutumika kwa simu ya mkononi na kwa kompyuta mpakato pia. Mfaransa akisema *mon portable* bila kuongeza neno, kwa kawaida anataja simu. Lakini kwenye risiti, kwenye bima au ukiwa umeibiwa, andika kwa ukamilifu *un téléphone portable* au *un ordinateur portable*.

Ukubwa wa faili nao una vipimo vyake. Kifaransa huhesabu kwa *octet*, ambayo ni biti 8, kwa hiyo pale ulipozoea kuona KB, MB na GB utaona Ko, Mo na Go. Kifurushi cha *20 Go* ni cha gigabaiti 20. Kasi ya mtandao, *le débit*, hutajwa kwa biti: Mb/s si sawa na Mo/s, na tofauti yake ni mara 8.

Hatua ya tatu: soma vitufe kama amri

Vitufe vingi vya Kifaransa hubeba kitenzi katika hali yake ya kamusi: *Envoyer* (tuma), *Annuler* (ghairi), *Supprimer* (futa), *Partager* (shiriki), *Rechercher* (tafuta), *Actualiser* (onyesha upya ukurasa). Maelekezo yanayokuzunguka, kinyume chake, yanakusemesha kwa adabu ya *vous*: *Cliquez sur le lien*, *Saisissez votre code*, *Veuillez patienter*. Kitenzi *saisir* ulichofundishwa darasani kwa maana ya kukamata hapa ni kuandika kwenye kisanduku, nacho hujitokeza kila mahali.

Vitenzi vitatu ndivyo vinavyosababisha hasara. Cha kwanza ni *enregistrer*, ambacho ni kuhifadhi, kurekodi sauti na pia kusajili, hivyo maana yake huamuliwa na mahali kilipo. Cha pili ni *valider*, kuthibitisha. Ukikibonyeza mara nyingi huwezi kurudi nyuma. Cha tatu ni *télécharger*. Nchini Ufaransa kitenzi hiki hutumika kwa kupakua na, katika matumizi ya watu wengi, hata kwa kupakia, na ndiyo maana unaweza kusoma *Télécharger votre photo* ukadhani picha itashuka kwako, kumbe wanaitaka kutoka kwako. Kitenzi *téléverser*, kinachotumika sana Kebeki, hubainisha upakiaji, lakini usikitarajie kila mahali. Dalili ya kuaminika ni kitufe kilicho kando: ukiona *Parcourir* au *Choisir un fichier*, wewe ndiye unayetoa faili.

Hatua ya nne: jaza fomu moja hadi mwisho

Tuchukue fomu ya kawaida ya maombi ya masomo. Juu kabisa utaona *Se connecter*, ya mwenye akaunti tayari, na *S'inscrire* au *Créer un compte*, ya mgeni. Chagua ya pili. Kisanduku cha kwanza ni *Nom*, na hapa ndipo waombaji wengi wa Afrika Mashariki huteleza: *nom* ni jina la ukoo, na jina lako wewe mwenyewe huandikwa kwenye *Prénom(s)*. Ukiyageuza, jina lililo kwenye fomu halitalingana na la pasipoti. Tarehe ya kuzaliwa itaombwa kwa umbo la *JJ/MM/AAAA*, yaani siku, mwezi na mwaka (*jour, mois, année*), na visanduku vyenye nyota ni *champs obligatoires*, ambavyo haviachwi wazi.

Kisha linakuja neno la siri, pamoja na sentensi ndefu ya namna hii: *au moins 8 caractères, dont une majuscule, un chiffre et un caractère spécial*. Wanataka alama zisizopungua 8, na miongoni mwake iwepo herufi kubwa moja, tarakimu moja na alama maalumu moja. Kama kompyuta si yako, tazama kibodi kabla ya kuandika. Kibodi ya Ufaransa huitwa AZERTY kwa herufi sita za mwanzo. A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, na M imehamia kulia kwa L. Mtu aliyezoea kibodi yetu akiandika *amani* bila kutazama vidole, kinachoingia ni `q,qni`, na kwa kuwa neno la siri hufichwa kwa vidoti hataona kosa hilo. Tarakimu nazo hupatikana kwa kushikilia kitufe cha *Maj*. Bila hicho, kitufe cha 1 hutoa `&` na cha 2 hutoa `é`. Alama ya `@` iko kwenye kitufe cha 0, kwa kushikilia *Alt Gr*. Kwa hiyo, kila ukurasa unapokuruhusu, bonyeza *Afficher le mot de passe* usome ulichoandika kabla ya kukirudia kwenye *Confirmer le mot de passe*.

Sehemu inayofuata ni *Pièces justificatives*, yaani nyaraka za kuthibitisha. Hapa utabonyeza *Parcourir*, uchague faili, na mara nyingi utakutana na *Taille maximale : 2 Mo*. Nakala ya cheti iliyopigwa kwa kamera ya simu hupita kiwango hicho kwa urahisi, na jibu litakuwa *Le fichier est trop volumineux*. Punguza ukubwa wa picha au itengeneze upya kuwa PDF nyepesi, kisha rudia. Likija *Format non pris en charge*, tatizo si ukubwa. Ni aina ya faili ambayo hawaipokei.

Mwishoni vitufe huwa viwili au vitatu. *Précédent* hukurudisha nyuma. *Enregistrer le brouillon*, au *Enregistrer* peke yake, huhifadhi ulichoandika lakini haipeleki maombi popote, na mtu anayeishia hapo huamini ameomba hadi tarehe ya mwisho ipite. Kinachopeleka ni *Soumettre*, *Envoyer* au *Valider ma candidature*. Baada yake inapaswa kuja sentensi kama *Un courriel de confirmation vous a été envoyé*. Usipoiona barua hiyo kwenye *Boîte de réception*, itafute kwenye *Courrier indésirable*. Na ukikaa muda mrefu bila kugusa kitu utasoma *Votre session a expiré*, maana yake uingie upya, na ambacho hukukihifadhi kimepotea.

Hatua ya tano: yazoee maneno ya Kiingereza kama Wafaransa wanavyoyatumia

Hapo juu fomu imesema *courriel*, lakini karani aliyeiandaa, ukimpigia simu, atakuambia *Je vous envoie un mail*. Kifaransa cha teknolojia kina tabaka mbili, na mwanafunzi anahitaji kuzijua zote kwa maneno machache yanayotumika sana. Tabaka rasmi lina nguvu ya dola nyuma yake: sheria ya Ufaransa ya tarehe 4 Agosti 1994, inayojulikana kwa jina la waziri Jacques Toubon, inalazimisha matumizi ya Kifaransa katika huduma za umma, mikataba na matangazo, na istilahi zinazotangazwa katika gazeti la serikali, *Journal officiel*, ndizo zinazopaswa kutumiwa na idara za serikali. *Courriel*, lililoundwa kwa kuunganisha *courrier* na *électronique*, lilitoka Kebeki na likatangazwa Ufaransa mwaka 2003.

Maneno mengine ya aina hiyo yalishinda kabisa. *Ordinateur* lilipendekezwa mwaka 1955 na Jacques Perret, mtaalamu wa Kilatini, kwa ombi la tawi la IBM nchini Ufaransa, na leo hakuna Mfaransa anayelitafutia mbadala. Mengine yameshindwa: *mot-dièse*, lililotangazwa mwaka 2013, utalisoma kwenye tangazo la wizara, lakini kijana wa Paris atasema *un hashtag*. Kwa maoni yangu haifai kupoteza muda kukariri kila neno rasmi. Jifunze jozi unazokutana nazo kwenye fomu na kwenye onyo la usalama: *mail* na *courriel*, *spam* na *courrier indésirable*, *phishing* na *hameçonnage*, *cookie* na *témoin de connexion*, *bug* na *bogue*. Ukihamia Montreal, ongeza *clavarder* kwa kuchati na *pourriel* kwa barua taka, kwa sababu huko maneno hayo yana uhai zaidi kuliko Paris.

Neno la Kiingereza likishaingia, hufuata sheria za nyumba mpya. Kwanza hupewa jinsia, na kwa kawaida huwa ya kiume: *un mail*, *un smartphone*, *un selfie*, *un podcast*, *le wifi*, *le cloud*. Yale ya kike mara nyingi hufuata neno la Kifaransa linalofanana nayo kwa maana: *une newsletter* kwa sababu ya *lettre*, *une playlist* kwa sababu ya *liste*, *une box* kwa sababu ya *boîte*. Hilo la mwisho Mwingereza mwenyewe asingelielewa, kwani nchini Ufaransa *la box* ni kile kifaa cha mtandao wa nyumbani ambacho sisi tunakiita ruta.

Pili hubadilika sauti. *Wifi* husomwa kama Mswahili asiyejua Kiingereza angelisoma, "wifi", si "waifai", na hapo tuna bahati. *Mail* ni "meil". *Chat* la kuzungumzia mtandaoni husikika "tchat", na wengi huliandika hivyo, kwa sababu *un chat* linalosomwa "sha" ni paka. Vifupisho husomwa kwa herufi za Kifaransa: PDF ni "pe-de-ef" na SMS ni "es-em-es", ingawa *un texto* pia husikika kila siku.

Tatu, kitenzi chochote cha kukopa huingia kundi la *-er* na kunyambuliwa bila ubishi: *je poste, nous postons, j'ai posté*, *je like, j'ai liké*, *scroller*, *uploader*, *forwarder*. Anayesema "nimelaiki" na "nimeposti" hatashangaa. Kikomo chake ni barua rasmi. Kwa mwajiri usiandike *je vous forwarde le mail*. Andika *je vous transfère le courriel*, au walau *le mail*, ambalo ofisi nyingi huliona la kawaida kabisa.

Hatua ya sita: soma anwani yako kwa sauti

Kutaja anwani ya barua pepe kwa simu ni mtihani mgumu kuliko kuiandika. Chukua mfano huu wa kubuni:

```
stage_kivu-75@exemple.fr
```

Itasomwa: *stage, tiret du bas, kivu, tiret, soixante-quinze, arobase, exemple, point, fr*. Wafaransa wengi watasema *tiret du huit* kwa kistari cha chini na *tiret du six* kwa kistari cha kati, kwa kuwa alama hizo ziko kwenye vitufe vya 8 na 6 vya AZERTY. Asiyejua hilo huandika tarakimu ambazo hazimo. Namba nazo hutega: usikiapo *soixante-quinze* usikimbilie kuandika 60 kabla mtu hajamaliza. Kongo, Burundi na Ubelgiji hali ni nyepesi, kwani 75 ni *septante-cinq* na 90 ni *nonante*. Ukilazimika kutaja herufi moja moja, kumbuka kwamba G ni "zhe" na J ni "zhi", kinyume na Kiingereza, na W ni *double vé*.

Hatua ya saba: maneno ya simu hutegemea ulipo

Simu ya mkononi ni *un portable* Paris, *un GSM* Brussels na *un cellulaire* Montreal. Nchini Kongo, salio unalonunua kwa muuzaji wa barabarani ni *des unités*, na bando la intaneti ni *des mégas*; ukimwomba *un forfait* atakuelewa, ila atajua hukukulia pale. Kubipu ni *biper*. Laini ya simu ni *une carte SIM* au *une puce*. Ukikosea *code PIN* mara 3 utaombwa *code PUK*, na hapo soma kwa makini sentensi ya *tentatives restantes*, idadi ya majaribio yaliyobaki, kwa sababu ukikosea PUK mara 10 laini hiyo hufungwa moja kwa moja.

Kwa fundi, sentensi fupi zinatosha. Simu isipokamata mtandao sema *Ça ne capte pas*. Kompyuta ikienda polepole, *Ça rame*. Ikiganda au programu ikijifunga yenyewe, *Ça a planté*. Chaji ikiisha, *Je n'ai plus de batterie*. Hizo ni za mdomoni. Ukimwandikia mtu wa idara ya kompyuta kazini, mpe mambo matatu, yaani tatizo, ulichojaribu na maneno uliyoyasoma kwenye skrini:

*Bonjour Monsieur, je n'arrive pas à ouvrir la pièce jointe reçue ce matin. J'ai redémarré l'ordinateur et mis à jour le logiciel, mais le message suivant s'affiche toujours : « Fichier endommagé ». Vous trouverez ci-joint une capture d'écran. Merci d'avance.*

*Pièce jointe* ni kiambatisho, *redémarrer* ni kuwasha upya, *mettre à jour* ni kusasisha, *endommagé* ni kuharibika na *capture d'écran* ni picha ya skrini. Hakikisha tu kwamba picha hiyo umeiambatisha kweli kabla ya kubonyeza *Envoyer*.